Gawanya kwa Mizani, Siyo kwa Vichwa

Mageto mengi siku hizi yana mtu anayehesabu kalori kwenye simu. Chakula cha pakiti hakimsumbui, kwa sababu namba zimeandikwa nyuma. Kazi inakuja kwenye sufuria. Anaorodhesha kila kilichoingia, aplikesheni inajumlisha, halafu inamuuliza ni chakula cha watu wangapi. Anajibu wanne, kwa kuwa chumbani wapo wanne. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo ndilo linaloharibu hesabu yote, na kuna anayelala njaa kwa sababu yake.

Tuchukue maharage. Nusu kilo ya maharage makavu ina kalori kama 1,700. Vijiko vikubwa sita vya mafuta, kila kimoja kalori 120, vinaleta 720. Vitunguu viwili vikubwa na nyanya nne, weka 150. Maji na chumvi ni sifuri. Jumla ni 2,570. Ukigawa kwa wanne, kila mtu anaandikiwa 643 hivi.

Sasa nenda kwenye sahani. Nani geto anapakua sawa na mwenzake? Tuseme sufuria limetoa gramu 2,000 za maharage yaliyoiva. Wawili wamechota gramu 500 kila mmoja, hao hesabu yao iko sawa. Dada aliyechelewa kutoka maktaba amekuta gramu 300, yaani kalori 385. Jamaa wa mazoezi kajipakulia gramu 700, yaani 900. Simu zao wote wanne zinasema 643. Dada anaona ameshiba kwa namba, kumbe sivyo, na jioni anaruka mlo ili asizidishe. Jamaa anashangaa mbona uzito haushuki, basi anakata chai ya asubuhi. Wote wawili wanafuata namba isiyo yao.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kupika, pima sufuria tupu na uandike uzito wake ukutani, maana haubadiliki. Chakula kikiiva, weka kibao juu ya mizani ya jikoni, rudisha kwenye sifuri, kisha pandisha sufuria bila mfuniko. Likisoma gramu 2,600 na tupu lilikuwa 600, chakula ni 2,000. Kwenye ile sehemu ya Servings usiandike 4, andika 2000. Hapo sehemu moja ni gramu moja. Ukipakua gramu 350, unaandika 350, na simu inakupa kalori 450 hivi. Koroga kwanza, lakini, maana anayechota mchuzi wa juu na anayechota maharage ya chini hawali kitu kimoja hata uzito ukifanana.

Kiporo nacho kina kanuni yake. Ukikipasha maji yakapungua, uzito unashuka ila kalori zinabaki zilezile. Kwa hiyo pima upya, na ugawe kalori zilizobaki kwa uzito mpya.

Kuna kosa lingine linaloweza kufuta kazi yote hiyo, nalo ni kuchagua jina lisilo sahihi. Ukitafuta maharage, aplikesheni inakuletea makavu na yaliyochemshwa kwa pamoja. Gramu 100 za makavu zina kalori kama 340, na za yaliyochemshwa zina kama 130, kwa sababu yamekunywa maji. Ukipima makavu nusu kilo ukachagua yaliyochemshwa, unaandikiwa 650 badala ya 1,700. Mchele ni hivyohivyo: mbichi 360, wali 130. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, angalia namba ya gramu 100. Ukiona iko karibu na 130 wakati umepima kikavu, umeingia pasipo pako.

Na mafuta, jamani, msiyakadirie kwa macho. Pima chupa kabla ya kumimina, pima tena baada, tofauti ndiyo iliyoingia. Gramu 100 za mafuta ni karibu kalori 900. Kitunguu ukikisahau hakuna kitakachoharibika, ila mafuta yakizidi vijiko vitatu sufuria linaongezeka kalori 360.

Najua watasema mizani ni gharama wakati bumu lenyewe halitoshi. Lakini mizani moja inatosha geto zima, na tunachangia gesi kila mwezi bila kelele. Wengine watasema hata hivyo haya ni makadirio tu. Kweli, maharage ya gunia hili si sawasawa na ya gunia lile. Lakini kosa hilo ni dogo na linawagusa wote kwa pamoja. Kugawa kwa vichwa kunampunja yule anayekula kidogo, halafu kunamwambia ameshakula vya kutosha.