Tenga la Nyanya na Yule Anayelipa Hasara

Kila msimu wa nyanya husikika kauli ileile: mkulima wa Ilula apewe elimu, maana mazao yake yanaozea njiani kuelekea Dar es Salaam. Mimi nasema tatizo si ujinga wa mkulima. Tatizo ni tenga.

Nyanya huuzwa shambani kwa tenga, si kwa kilo. Tuchukue mfano. Tenga la kilo 40 likinunuliwa kwa shilingi 20,000, kilo moja ni shilingi 500. Mnunuzi akilirundika lumbesa hadi kilo 55 kwa bei ileile, kilo inashuka hadi shilingi 364 hivi. Lori likishuka Kitonga na kuvuka Mikumi, uzito wa juu huponda nyanya za chini. Maji yake hulowanisha nyingine, na uozo husambaa. Tuseme kilo 10 zinatupwa sokoni Ilala. Mnunuzi bado ana kilo 45, tano zaidi ya alizolipia. Hasara ilikwisha kulipwa shambani, na aliyeilipa ni mkulima.

Ndiyo maana semina hazifui dafu. Anayeamua namna ya kufungasha haumizwi na kuoza, anayeumizwa haamui.

Kreti ya plastiki hutibu upande mmoja wa jeraha. Zikipangwa, uzito hubebwa na kuta za kreti, si na tunda, mradi zisijazwe kupita ukingo. Lakini kreti isiporudi, gharama yake humwangukia mkulima yuleyule. Kwa hiyo ziwe mali ya ushirika, zitolewe kwa amana, na amana irejeshwe zinaporudi na lori lilelile.

Upande wa pili ni muda. Lori linalozunguka shamba hadi shamba likitafuta mzigo hubeba nyanya za asubuhi zikichomwa na jua mchana kutwa. Kituo cha kukusanyia chenye kivuli na mizani hubadili mambo: nyanya huchumwa asubuhi umande ukishakauka, zinapoanza kugeuka rangi, zilizopasuka hutengwa, kila kreti hupimwa, lori hujazwa mahali pamoja, huondoka jioni na kufika sokoni alfajiri. Hapo mnunuzi akilipa kwa kilo, kila tunda linalopondwa ni lake, naye ataanza kudai ufungashaji bora bila kuhubiriwa.

Wapo watakaosema mnunuzi atahamia kijiji jirani kisichopima. Ni kweli, na hapo ndipo kituo kimoja hushindwa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Isimamiwe katika vijiji vyote kwa siku zilezile, na mageti ya ushuru yasipitishe tenga lililofura. Enyi watumishi wa halmashauri mnaokusanya ushuru kwa kuhesabu matenga, anzeni kwenu: tozeni kwa kilo. Serikali inayohesabu matenga haina uso wa kumkemea mfanyabiashara wa lumbesa.