Wiki Moja ya Mpunga Haifuti Pumzi ya Mchezaji
Na Mzee wa Kashaulili

Jumatatu jioni nilisimama kando ya uwanja mmoja hapa Mpanda nikatazama vijana watatu wakiadhibiwa. Walikuwa wamekosa mazoezi ya wiki nzima. Walikwenda kwao Mpimbwe kusaidia kupandikiza mpunga, maana mvua haimsubiri mtu. Mjumbe mmoja wa kamati ya timu, yeye mwenyewe kaketi, aliwaamuru wakimbie kasi yote toka goli hadi goli, mara kumi, "warudishe pumzi waliyoiacha mashambani". Wanaonisoma kila wiki wanajua ugomvi wangu na watu wa kiti cha plastiki. Wiki hii nimekasirika kweli.

Nilikasirika zaidi kwa sababu kocha alishalimaliza suala hilo tangu Jumapili usiku. Timu yao ndogo ina kundi la WhatsApp, na kijana mmoja alinionyesha ujumbe wa kocha. Aliandika kwamba wiki moja haiwezi kufuta kilichojengwa kwa miezi, akaeleza kwa nini, na hilo ndilo lililonifurahisha.

Mchezaji aliyezoea mazoezi huwa na maji mengi zaidi kwenye damu, hivyo moyo hujaa vizuri na kila pigo husukuma damu nyingi. Akipumzika, maji hayo huanza kupungua ndani ya siku chache. Moyo unajaa kidogo, unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, na yeye anajisikia kama pumzi imekwisha. Haijaisha. Msuli wa moyo, mishipa midogo inayopeleka damu miguuni na nguvu za mapaja vimebaki karibu vilevile, na maji ya damu hurudi kwa siku chache za mazoezi ya wastani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya wanamichezo saba wa mbio ndefu na baiskeli walioacha mazoezi kabisa. Baada ya siku 21 uwezo wa miili yao kutumia hewa ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7, na baada ya siku 56 kwa asilimia 16. Hao hawakugusa mazoezi. Vijana wetu walikuwa shambani kutwa. Kocha hakuficha mpaka wa hoja yake: kijana aliyeanza mazoezi majuzi hupoteza mapema kuliko mwenye msingi wa misimu miwili. Hawa watatu wana msingi.

Kinachopotea mapema ni mazoea ya msuli kukimbia kasi ya mwisho. Msuli wa nyuma ya paja usiponyooshwa kwa kasi kwa wiki, na juu yake ukakaa umeinamia tope la mpunga asubuhi hadi jioni, unarudi umechoka na umekaza. Ndiyo maana kocha alipanga Jumatatu iwe mchakamchaka wa dakika ishirini, mwendo ambao mtu anaweza kuongea na mwenzake, kisha mpira mwepesi. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano wacheze watano kwa watano, uwanja mdogo. Mbio za kasi zisubiri Alhamisi: nne tu, kwa robo tatu ya uwezo, na anayehisi paja linavuta asimame hapohapo.

Akawaagiza pia wahesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Aliyezoea 56 akikuta 60, asiogope, ni yale maji ya damu. Akikuta yamepanda kwa kumi au zaidi, na mwili una joto au viungo vinauma, asije uwanjani, aende kupima malaria. Wiki iliyokosekana kwa homa hairudishwi kama wiki ya mpunga. Malaria huvunja chembe za damu zinazobeba hewa, na hizo huchukua wiki kadhaa kujengeka upya hata kama dawa imemalizwa na homa imeondoka.

Hayo yote yaliandikwa, yakasomwa, na mtu mmoja akayakanyaga mbele ya kocha mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayenunua mipira. Katika mbio ya saba winga wao wa kulia alishika nyuma ya paja akaanguka. Nilikwenda kumtazama. Akibonyezwa kidogo katikati ya paja alikuwa anaruka kwa maumivu, na hatua za kawaida zilimshinda. Msuli uliochanika namna hiyo humweka mchezaji nje wiki tatu, nne, pengine zaidi.

Mjumbe alimwambia kocha kijana hana pumzi kwa sababu alikwenda kulima. Mimi namwambia hapa, mbele ya Katavi nzima: wiki ya Mpimbwe ilikuwa haijamwondolea winga huyu hata mechi moja. Mechi atakazokosa sasa ni zako.