MKOPO WA "18%" UNAOKULA 42%: PIGA HESABU KABLA YA KUTIA SAHIHI



Kila karo za shule zikikaribia, mawakala wa mikopo huzidi hapa Makupa. Huja na fomu zilizokwisha jazwa nusu, nao wimbo wao ni mmoja: "Riba ni 1.5 tu kwa mwezi, yaani 18 kwa mwaka. Utakatwa kwenye mshahara, hutasumbuka."

Sisi twasema kwamba hiyo 18 si bei ya mkopo. Lakini hatutaki ndugu yeyote atuamini kwa maneno matupu. Hesabu yote tunaiweka hapa chini, na kila mtu aifuate kwa kalamu yake au kwa simu yake.

Tuchukue karatasi ya mfano, ya aina ambayo wengi wetu tumetia sahihi. Mfanyakazi anakopa Sh. 60,000 kwa miezi 12. Riba ni 1.5% kwa mwezi juu ya zile 60,000 za mwanzo, nayo ni Sh. 900 kila mwezi, jumla Sh. 10,800. Ratiba ya malipo yasema atakatwa Sh. 5,900 kila mwezi, mara 12. Jumla atalipa Sh. 70,800.

Sasa tazama upande wa pili wa karatasi, penye herufi ndogo. Ada ya kushughulikia mkopo ni 3%, yaani Sh. 1,800. Ushuru wa serikali juu ya ada hiyo ni Sh. 360. Bima ni 1.5%, yaani Sh. 900. Zote ni Sh. 3,060, nazo hukatwa kabla hajapewa fedha. Kwa hiyo mkononi anapokea Sh. 56,940.

Hapo, ndugu, ndipo hesabu ya kweli inapoanza. Usianze na 60,000, maana hizo hukuziona. Anza na 56,940 zilizoingia mfukoni, na 5,900 zinazotoka mara 12. Namba hizo tatu zatosha. Maneno mengine yote ya wakala yaweke kando.

Hila ya kwanza imo katika riba yenyewe. Wao huiita riba ya "fleti". Maana yake ni kwamba riba yahesabiwa juu ya 60,000 tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, ingawa deni lapungua kila mwezi. Kwa kitabu chao, katika kila 5,900, Sh. 5,000 ni za kupunguza deni na 900 ni za riba. Basi mwezi wa kwanza unadaiwa 60,000 na mwezi wa mwisho unadaiwa 5,000 tu, lakini riba ni 900 ile ile. Mwezi ule wa mwisho unalipa 900 kwa kukaa na 5,000. Hiyo ni 18% kwa mwezi mmoja! Ukichukua mwaka mzima, deni ulilokaa nalo ni kama 32,500 kwa wastani, wala si 60,000. Hesabu kamili yaonyesha kwamba riba hiyo peke yake, bila ada wala bima, ni karibu 32% kwa mwaka.

Hila ya pili ni ada na bima. Mabwana hawa husema, "Ada ni ada, si riba." Twawauliza: je, mtu akikataa kulipa ada hiyo, mtampa mkopo? Hamtampa. Basi ni sehemu ya bei. Na bima vivyo hivyo. Ni kweli kwamba bima ina kazi yake, maana mkopaji akifa deni hulipwa na watoto hawasumbuliwi. Kama bima ni ya hiari, na wewe mwenyewe umeitaka, usiihesabu. Lakini kama mkopo hautoki bila bima, ihesabu pamoja na riba, maana mtu wa kwanza kulindwa na bima hiyo ni mkopeshaji.

Sasa tutajuaje bei ya mwaka? Twaitafuta kwa kujaribu. Chukua kiwango fulani kwa mwezi. Ongeza riba yake juu ya deni, kisha toa malipo, nawe uendelee hivyo mpaka mwezi wa 12. Deni likiisha sawasawa, kiwango hicho ndicho cha kweli. Likibaki deni, umekisia juu mno. Ukijikuta umelipa kupita kiasi, umekisia chini.

Tujaribu kwanza ile 1.5% ya wakala, kwa haki, juu ya fedha tulizopokea na juu ya deni linalobaki. Tukifuata ratiba, baada ya malipo 10 deni limebaki Sh. 2,935. Mwezi wa 11 lafika Sh. 2,979, nasi twalimaliza. Lakini mwezi ule wa 11 tumekatwa 5,900 nzima, na mwezi wa 12 tumekatwa tena 5,900. Kama maneno ya wakala yangekuwa kweli, tungerudishiwa zaidi ya Sh. 8,800. Nani amewahi kurudishiwa?

Basi tujaribu 3.5% kwa mwezi. Mwezi wa kwanza: 56,940, riba 1,993, toa 5,900, labaki 53,033. Mwezi wa pili: riba 1,856, toa 5,900, labaki 48,989. Mwezi wa tatu: riba 1,715, toa 5,900, labaki 44,804. Endelea hivyo. Mwisho wa mwezi wa 11 labaki 5,593. Mwezi wa 12 riba ni 196, toa 5,900, na tumelipa zaidi kwa Sh. 111 tu. Kwa hiyo kiwango cha kweli ni juu ya 3.5 kidogo sana. Ni 3.52% kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 12: ni 42% kwa mwaka.

Mwenye simu au kompyuta yenye jedwali la hesabu aweza kupata jibu hilo mara moja. Aandike idadi ya miezi, kisha malipo yenye alama ya kutoa, kisha fedha alizopokea mkononi:

```
=RATE(12,-5900,56940)*12
```

Angalia jambo moja hapa. Wengine hawazidishi kwa 12, bali huhesabu riba juu ya riba ya mwezi hata mwezi, na kwa njia hiyo mkopo huu huu wafika 51%. Njia zote mbili zatumika. Ubaya ni kulinganisha mkopo mmoja kwa njia hii na mwingine kwa njia ile. Chagua moja, uishike.

Yuko atakayesema, "Hata hivyo 5,900 naziweza." Ndugu, ndivyo wanavyotaka useme. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, na sheria hiyo ni ngao nzuri. Lakini yalinda kiasi kinachokatwa kila mwezi, hailindi bei. Mkopeshaji akitaka malipo yaonekane madogo, huongeza miezi tu, na jumla ya riba unayolipa yazidi. Mwaka 2016 Bunge liliweka kikomo cha riba za mabenki, pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na mwezi wa Novemba 2019 kikomo hicho kikaondolewa. Tangu hapo mlinzi wa kwanza wa mfanyakazi ni hesabu yake mwenyewe.

Tulinganishe na ushirika wa akiba na mikopo unaotoza 1% kwa mwezi juu ya deni linalobaki, na kukata 1% ya bima, yaani Sh. 600. Kwa 60,000 hizo hizo, malipo ni Sh. 5,331 kwa mwezi. Mkononi wapokea 59,400. Piga hesabu kwa njia ile ile, nawe utapata karibu 14% kwa mwaka. Sikilizeni basi: kwa mdomo, mmoja asema 1.5 na mwingine asema 1, na masikio husikia kama ni majirani. Kwa hesabu, mmoja ni 14 na mwingine ni 42, mara tatu! Ni kweli kwamba ushirika wataka uwe umeweka akiba kwanza, na anayehitaji fedha kesho hawezi kungoja. Hiyo ndiyo sababu ya kujiunga leo, kabla shida haijabisha hodi.

Tena jihadharini na mkopo juu ya mkopo. Baada ya miezi sita, wakala hurudi akicheka: "Umelipa vizuri, chukua tena 60,000." Kwa kitabu chao bado unadaiwa 30,000. Watakata hizo 30,000, kisha watatoza ada, ushuru na bima juu ya 60,000 nzima, yaani Sh. 3,060 zile zile. Mkononi utapata 26,940. Ile nusu ya zamani, uliyokwisha kuilipia ada, umeilipia mara ya pili. Kila mara ukikubali, ada yagawanywa kwa miezi michache zaidi, na bei ya mwaka yapanda.

Ndugu, tazameni jumla. Mfanyakazi huyu alipokea 56,940, akalipa 70,800. Tofauti ni Sh. 13,860, au Sh. 1,155 kila mwezi kwa mwaka mzima. Kama mwajiri angesema kesho kwamba apunguza mshahara wa kila mtu kwa Sh. 1,155 kwa mwezi, hapana mtu angelala katika Makupa yote. Tungekutana usiku ule ule. Lakini fedha hizo hizo zikitoka kwa njia ya mkopo, twatia sahihi wenyewe na kusema ahsante.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Kwanza, kila mkopeshaji anayetaka kukata fedha katika mishahara yetu aandike mahali pamoja, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili: fedha zitakazoingia mkononi, jumla itakayolipwa, na bei ya mwaka pamoja na ada na bima. Mwaka 2014 mabenki ya Kenya yalikubaliana kuonyesha gharama nzima ya mkopo kwa mwaka, basi wasituambie leo kwamba haiwezekani. Pili, pasiwe na mapatano ya makato na mkopeshaji asiyeandika hivyo. Tatu, ada ya mkopo wa nyongeza itozwe juu ya fedha mpya tu.

Na wewe ndugu, usingoje madai hayo yakubaliwe. Wakala akija, mwulize maswali matatu: nitapokea ngapi mkononi, nitakatwa ngapi kila mwezi, na mara ngapi? Akikupa ratiba, usitie sahihi siku hiyo. Iletee wawakilishi wa chama kazini kwako, kaeni pamoja na kalamu, mjaribu mwezi kwa mwezi mpaka deni liishe. Akikataa kukupa ratiba uende nayo, amekwisha kukujibu.