Jibu Lisifichwe Chini ya Swali

Juma moja kabla ya Ramadhani alitujia dada mmoja wa mtaani, simu mkononi, uso umemkunjamana. Alikuwa ameweka Instagram mfululizo wa picha saba, zile za kutelezesha kwa kidole moja baada ya nyingine, akieleza mkate wa sinia tangu kuroweka mchele hadi kupalia makaa. Picha zilipendeza. Balaa lilikuwa katika maoni: "Mbona wangu haukuumuka?" Tuliwahesabu waulizaji kumi na mmoja.

Sababu tuliiona katika picha ya nne. Imeandikwa "mimina tui, tia hamira", wala haikutajwa kwamba tui liwe la vuguvugu tu. Waliolichemsha wakalimimina papo hapo waliiua hamira. Mchele na nazi vikapotea bure. Nayo maandishi yaliyomo ndani ya picha hayarekebishiki ikisha kuchapishwa.

Dada yetu alikuwa amejibu chini ya kila swali, tena kwa adabu. Lakini majibu hukunjwa: asiyegusa mahali pa kuyafungua huliona swali, jibu halioni. Ndipo akalibandika juu swali la mmoja wao, akidhani jibu litapanda nalo. Likaonekana swali peke yake, na ukurasa wake ukawa watangaza juu kabisa kwamba mkate hauumuki!

Tulimshauri alibandue, aandike maoni mapya kwa jina lake, swali na jibu pamoja: "Mkate haukuumuka? Tui liwe vuguvugu, ukitia kidole lisikuchome. Picha ya nne sikulieleza hilo, mniwie radhi." Kisha ayabonyeze maoni hayo kwa muda hadi itokee alama ya pini (kwenye aifoni huyasukuma kushoto). Mwenye picha ndiye awezaye kubandika, na nafasi ni tatu tu. Ya pili aliitumia kwa waliouliza kuhusu tui la pakti. Ya tatu tulimwambia aiache wazi, kwa kuwa maswali bado yangalikuja.

Walibaki wale kumi na mmoja. Maoni yaliyobandikwa hayawapelekei habari. Kinachowafikia ni jibu lililoandikwa chini ya swali lao wenyewe. Basi akamwandikia kila mmoja: "Dada, tui lilikuwa la moto? Nimeeleza hapo juu." Wengi walikiri. Wawili wakasema la, tui lao lilikuwa limepoa. Alipowauliza zaidi, kumbe hamira yao ilikaa kabatini miezi, pakti wazi.

Nafasi ya tatu ikapata kazi: "Ijaribu hamira kwanza. Tia kijiko katika maji vuguvugu yenye sukari kidogo. Dakika kumi zikipita bila povu, usiitumie."