Akaunti Iliyokataliwa Ina Njia ya Rufaa

Ndugu wajumbe, hapa Fridley chama kikifungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, kila mmoja wao hukaguliwa. Mmemsikia mwenzangu akieleza ukaguzi huo na kutushauri tumwondoe yeyote anayekataliwa. Nimezisikiliza hoja zake kwa makini. Naomba mzipime pamoja na haya nitakayosema.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba mashine ikishakataa, mambo yamekwisha, kwa sababu inasoma ukweli mtupu. Ni kweli kwamba karani hutuma jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani na namba ya soshali, na jibu hurudi papo hapo. Lakini jibu hilo linatoka sehemu mbili. Kampuni kama ChexSystems hutunza taarifa ambazo benki nyingine zimeipelekea, kwa mfano akaunti iliyofungwa ikiwa na deni, au shaka ya udanganyifu. Benki yenyewe ndiyo inayoweka kanuni: deni la kiasi gani linavumilika, alama ngapi zinatosha. Ndiyo maana mtu huyohuyo hukataliwa benki moja na kupokelewa nyingine. Tena barua ya kukataliwa inayotakiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, inayoitwa Fair Credit Reporting Act, lazima iseme kwamba kampuni iliyotoa taarifa siyo iliyofanya uamuzi.

Ukweli mtupu nao una mashaka. Mwenzangu mwenyewe alikiri kwamba watu wetu wengi wanafanana majina. Ongeza wakimbizi wengi ambao nyaraka zao zimeandikwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na majina matatu ambayo kila ofisi huyapanga kivyake. Deni la mtu mwingine linaweza kuingia katika faili lako kwa njia hiyo. Mwenzangu hawezi kutuambia kwamba majina yanachanganyika, kisha akatuambia kwamba mashine haikosei.

Hoja ya pili: lipa deni, rekodi itafutika. Kulipa deni la kweli ni vizuri, na baadhi ya benki hazifungui akaunti mpaka lilipwe. Ila malipo hubadilisha maelezo yasomeke kuwa deni limelipwa. Hayafuti habari yenyewe. ChexSystems huiweka kwa miaka mitano, isipokuwa benki iliyoitoa iombe iondolewe. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba benki hiyo ikubali kwa maandishi kuomba habari hiyo iondolewe, ukijua kwamba inaweza kukataa. Na kama deni si lako, usililipe ili mambo yaishe tu. Lipinge.

Hoja ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi: kwamba rufaa ni kumpigia simu meneja wa tawi, na kamati inaweza kuifanya kwa niaba ya mwanachama. Meneja anaweza kuitazama upya kanuni ya benki yake, lakini hawezi kusahihisha faili lililoko kwingine.

Tuchukue mfano. Mweka hazina anapata barua ya kukataliwa tarehe 3 Machi. Ana siku 60, yaani hadi 2 Mei, kuomba ripoti yake bure kutoka kampuni iliyotajwa katika barua. Ripoti inaonyesha deni la dola 240 la mwaka 2023, katika benki ambayo hajawahi kuwa na akaunti. Anaandika pingamizi, anataja kipengele hicho kimoja, anaeleza kwa nini si chake, na kuambatanisha nakala za kitambulisho na uthibitisho wa anuani. Barua ikipokelewa 20 Machi, kampuni ina siku 30, hadi 19 Aprili, kuuliza benki iliyoleta habari hiyo. Akiongeza ushahidi katikati ya uchunguzi, muda unaweza kusogezwa siku 15 zaidi, hadi 4 Mei. Habari isiyothibitishwa lazima ifutwe au irekebishwe.

Kamati inaweza kumsaidia kuandika na kutafsiri, lakini pingamizi ni lake, na saini iwe yake. Barua itumwe kwa rejista, nakala zibaki kwake. Na kama benki iliyoleta habari inasema imethibitisha bila kuonyesha chochote, ana njia mbili: kuipinga moja kwa moja katika benki hiyo, na kulalamika kwa shirika la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB. Anaweza pia kuweka maelezo yake mafupi katika faili.

Hoja ya mwisho, kwamba asiye na rekodi hana la kuogopa, siikubali. Mwanachama aliyefika mwaka jana anaweza kukwama kwa sababu benki haikuweza kuthibitisha yeye ni nani. Hapo hakuna deni la kupinga. Kinachohitajika ni pasipoti na barua ya anuani, mbele ya karani.

Kwa hiyo napinga kumwondoa leo mtia saini yeyote aliyekataliwa. Apewe nafasi mpaka majibu ya pingamizi yatoke. Hata faili likisafishwa, akaunti haitajifungua yenyewe: atarudi benki na barua ya matokeo na kuomba upya.