Hoteli ikifilisika Diani, uko nambari ngapi kwenye foleni?

Kwale tumeona waajiri wakubwa wakifunga, tangu kiwanda cha sukari cha Ramisi mwaka 1988. Sasa sema wewe ni weita Diani, unalipwa 30,000 kwa mwezi. Hoteli imefilisika na unaidai miezi minane, yaani 240,000.

Benki inayoshikilia jengo kama dhamana huchukua chake kwanza. Kinachobaki hulipia gharama za mfilisi, yule anayeuza mali. Ndipo zamu yako, mbele ya KRA na ya muuza samaki.

Lakini Sheria ya Ufilisi ya 2015 inakupa kipaumbele kwa miezi minne ya mwisho tu, na isizidi 200,000. Kwako ni 120,000. Ile 120,000 nyingine inarudi nyuma kwa muuza samaki, na huko mara nyingi pesa zimekwisha.

Kwa hivyo bosi akikuambia vumilia mpaka msimu wa watalii, piga hesabu: kila mwezi unaoongezeka bila malipo unausukuma mmoja wa zamani nje ya ile minne. Na kampuni ikishafilisika, usikae ukingoja simu. Mpelekee mfilisi dai lako kwa maandishi, pamoja na karatasi za mshahara au rekodi za M-Pesa.