Utabiri wa bei ya dhahabu: soma tarehe kabla ya kusoma namba

Kila dhahabu ikipanda, habari za benki kutabiri bei mpya huzagaa. Wazazi wenye harusi mbele yao hubaki wakiulizana: tununue sasa au tungoje?

Tuchukue mfano wa benki ya Goldman Sachs. Novemba 2024, wakia moja ikiwa karibu dola 2,600, ilitabiri dola 3,000 kufikia mwisho wa 2025. Februari bei ilipokaribia 2,900, utabiri ukasogezwa hadi 3,100. Machi bei ikavuka 3,000, utabiri ukawa 3,300. Aprili bei ikapita 3,200, utabiri ukawa 3,700. Oktoba dhahabu ikavuka dola 4,000. Benki haikukosea mwelekeo, lakini namba zake zilikuwa zikiifuata bei.

Sababu ni kwamba dhahabu haitoi kodi kama nyumba, wala gawio kama hisa, kwa hivyo hakuna hesabu ya kuonyesha thamani yake halisi. Mchambuzi huanza na bei ya leo, kisha huongeza au kupunguza kwa kukisia riba za Marekani, nguvu ya dola na ununuzi wa benki kuu. Makisio hayo nayo huweza kukosea. Tena, anayekosea pamoja na wenzake halaumiwi sana, ndiyo maana wengi hukaa karibu karibu. Kwa mwaka 2013, wachambuzi walioulizwa na chama cha soko la London, LBMA, walikisia wastani wa dola 1,753. Bei ilianguka, wastani ukawa 1,411.

Kwa hivyo ukiona utabiri, tazama kwanza tarehe yake na bei ya siku hiyo. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo maoni ya benki, kilichobaki ni bei ya leo tu. Pili, uliza kama ni wastani wa mwaka au bei ya mwisho wa mwaka, kwani hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Tatu, angalia imebadilishwa mara ngapi.

Halafu kuna shilingi. Mwaka 2024 dhahabu ilipanda kwa zaidi ya robo kwa dola. Lakini dola nayo ilishuka kutoka takriban shilingi 157 hadi 129, na mwenye kuhesabu kwa shilingi aliona dhahabu imepanda kama asilimia 5 tu. Hata aliyebahatisha bei ya dola sawasawa hangekwambia utalipa ngapi dukani, kabla hata ya ujira wa sonara.

Harusi ikiwa na tarehe, ni salama zaidi kununua kidogo kidogo kuliko kungojea namba ya benki, maana namba hiyo nayo inaingojea bei.